Rasta za Kusukia: Joto, Muwasho na Namna ya Kuzijaribu Kabla ya Kusuka

Katika maduka na vibanda vya Tunduma, kuanzia kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia hadi ndani ya soko, mlaji hukuta rasta za kila urefu na kila rangi. Baadhi ya pakiti zina lebo kamili. Nyingine zimefungwa upya katika mifuko mitupu, bila jina la kiwanda wala la nchi zilikotengenezwa. Kwa macho, nyuzi hizo hufanana sana, ilhali hazikutengenezwa kwa kitu kimoja. Moja hunywea mara inapochovywa katika maji ya moto, nyingine hustahimili pasi ya nywele. Moja humkaa mvaaji kwa wiki sita bila kumsumbua, nyingine humnyima usingizi usiku wa kwanza.

Makala hii inaeleza tofauti hizo na inamwonesha mlaji namna ya kuzitambua kabla hajaketi kwa msusi. Jambo moja tunataka lieleweke tangu mwanzo. Kustahimili joto na kutokuwasha ni sifa mbili zisizofuatana. Maneno ya Kiingereza yanayoandikwa mbele ya pakiti kwa maana ya kwamba nyuzi zinastahimili joto yanahusu umbo la nyuzi tu: kwamba hazitayeyuka wala kujikunja upesi. Hayasemi lolote kuhusu ngozi ya kichwa. Kwa sababu hiyo kila sifa huhitaji jaribio lake.

NYUZI ZINAZOUZWA KWA JINA MOJA

Rasta nyingi zinazouzwa nchini ni za plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi nyembamba. Plastiki zinazotumika zaidi ni za aina nne.

Ya kwanza ni modakriliki. Hii ndiyo iliyojulikana duniani kwa jina la Kanekalon, nyuzi ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Siku hizi wafanyabiashara wengi hulitumia jina hilo kwa rasta yoyote laini, hivyo kulisikia dukani si uthibitisho wa kitu. Modakriliki halisi hulainika na kushika umbo jipya katika joto la karibu sentigredi 90 hadi 100. Ndiyo maana mawimbi yake hukaa vizuri baada ya kuchovywa katika maji ya moto. Haivumilii pasi ya nywele. Faida yake kubwa ni kwamba haishiki moto kwa urahisi, na ikiondolewa kwenye mwali huzimika yenyewe.

Ya pili ni PVC, plastiki ya jamii ileile inayotumika kutengeneza mabomba ya maji. Nyuzi zake hung'aa, ni nzito kidogo, na ndizo zenye uvumilivu mdogo wa joto. Huanza kulegea karibu na sentigredi 80. Nazo huzimika zikitolewa motoni, lakini moshi wake ni mkali na hukereketa koo na macho.

Ya tatu ni poliesta. Hizi ndizo nyuzi ambazo kwa kawaida huandikwa kuwa zinastahimili joto. Zile zilizotengenezwa kwa nywele hupigwa pasi ya sentigredi 160 hadi 180 kwa kufuata maelekezo ya lebo, na plastiki yenyewe huyeyuka karibu na sentigredi 250. Ikiyeyuka hudondoka matone ya moto yanayong'ang'ania ngozi.

Ya nne ni polipropilini, plastiki inayotumika pia kutengenezea kamba na mifuko ya sandarusi. Ni nyepesi na rahisi kutengeneza, kwa hiyo hupatikana mara nyingi katika rasta za bei ya chini. Huyeyuka karibu na sentigredi 160 na, isipotiwa dawa ya kuzuia moto, huendelea kuwaka kama mshumaa hata baada ya kiberiti kuondolewa. Kwa mtu anayepika kwa kuni au mkaa, hilo si jambo dogo.

Zipo pia nywele halisi za binadamu, ambazo ni ghali, na huko Uganda zimetengenezwa nywele za kusukia kutokana na nyuzi za mgomba. Nywele halisi hustahimili pasi zaidi ya rasta nyingi, lakini zisidhaniwe kuwa salama kwa kila ngozi. Nyingi zimetiwa rangi nyeusi, na baadhi ya rangi hizo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa kichwani.

MAJI YANAYOCHEMKA TUNDUMA YANA JOTO GANI

Katika saluni zetu, joto linalozikuta rasta mara nyingi zaidi ni la maji. Msusi akimaliza, huchovya ncha za misuko katika maji yaliyochemka ili zilale na zisifumuke. Mlaji anayesoma maelekezo ya kiwandani hana budi kujua kwamba maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Dar es Salaam, karibu na bahari, huchemka kwa sentigredi 100. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwa karibu sentigredi 95. Yakimiminwa katika beseni la plastiki hupoa upesi hadi themanini na kitu.

Tofauti hiyo ina matokeo mawili. Kwanza, PVC italegea na kunywea hata katika maji yaliyokwisha kumiminwa, kwa hiyo rasta iliyopungua urefu saluni huenda haikuharibiwa na msusi. Ndiyo tabia ya plastiki yenyewe. Pili, modakriliki huhitaji maji yaliyotoka jikoni wakati huohuo. Yakikaa dakika kadhaa hayafikii tena joto la kuishikisha umbo, na mteja hurudi siku ya tatu akilalamika kwamba mawimbi yamefumuka.

Hata hivyo, kwa ngozi ya mtu, maji hayo hayajapoa hata kidogo. Maji ya sentigredi 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na yale ya 95 huunguza papo hapo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Misuko mirefu hubeba maji, na maji hayo hutiririka mgongoni mara misuko inapoinuliwa. Kwa hiyo chombo kishuke chini ya usawa wa mabega, kiwe juu ya kitu imara, taulo nene lifunike shingo na mgongo, na zichovywe ncha tu. Baada ya kuchovya, misuko ikamuliwe kwa taulo jingine kabla haijaachwa imguse mvaaji. Mtoto mdogo asichovywe kabisa. Ncha zake zifungwe kwa uzi.

Akiungua mtu, sehemu hiyo ipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo iliyolowa maji ya moto iondolewe, isipokuwa imegandamana na ngozi. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe. Kuungua kwa mtoto, kuungua usoni, au lengelenge kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua kunahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo.

Joto jingine ni la mwali. Wasusi wengine hupitisha kiberiti cha gesi kwenye ncha ili zigande. Poliesta na polipropilini huyeyuka zikawa tone gumu, na tone hilo likishapoa huwa na ncha kali inayokwaruza shingo kila mvaaji anapogeuka. Muwasho wa namna hiyo huonekana shingoni na mabegani tu, wala si kichwani. Dawa yake ni mkasi: kata tone hilo, na ncha ifungwe.

KWA NINI KICHWA HUWASHA

Mlaji anaposema kwamba rasta imemwasha, huenda anazungumzia mojawapo ya mambo manne tofauti. Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kuangalia muwasho ulianza lini na uko wapi.

Muwasho unaoanza ndani ya saa chache, kila mahali nyuzi zinapogusa, kwa kawaida ni ukereketo. Kiwandani nyuzi hupakwa vilainishi, dawa za kuzuia zisirukeruke kwa umeme tuli, na mara nyingine dawa za kuzuia moto. Mabaki yake yakichanganyika na jasho hukereketa ngozi. Ukereketo wa namna hii huwa mkali mwanzoni, kisha hupungua kadiri mabaki yanavyooshwa.

Muwasho unaoanza baada ya siku moja hadi tatu, ukazidi badala ya kupungua, ni wa kutiliwa shaka kuwa mzio. Mzio ni mwili wenyewe kukikataa kitu fulani ulichokwisha kukitambua. Hautoki tu pale nyuzi zinapogusa. Husambaa nyuma ya masikio, shingoni na kwenye kope za macho, ukaleta uvimbe, malengelenge madogo au majimaji. Mtu mwenye mzio wa rasta fulani atapata shida kila anapoirudia, na mara nyingi upesi zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Maumivu na vipele vidogo kwenye mashina ya nywele, hasa juu ya paji la uso na kwenye panja, tangu siku ileile ya kusukwa, hayasababishwi na aina ya nyuzi. Ni matokeo ya kubana. Ukibadilisha rasta bila kumwambia msusi alegeze mkono, vipele vitarudi. Mvuto huo ukiendelea kwa miaka, nywele za mbele hukatika na mwishowe huacha kuota.

Muwasho unaoanza baada ya wiki tatu au nne ni wa jasho, vumbi na mba vilivyokusanyika. Ukiambatana na mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, hasa kwa mtoto, huenda ni mapunye. Ugonjwa huo huambukiza kwa vitana na huhitaji dawa ya kumeza ya hospitali. Katika maeneo ya baridi ya Mbozi na Ileje, kati ya Juni na Agosti, kuna sababu ya ziada: misuko iliyooshwa hukaa na unyevu hadi siku ya pili, na kichwa kilichofunikwa kikiwa kibichi huwasha na kutoa harufu. Wakati huo wa mwaka ni afadhali kuosha asubuhi ya siku ya jua kuliko kuosha jioni na kukausha juu ya jiko la mkaa.

Lipo pia swali ambalo walaji huuliza baada ya habari za mwaka 2025. Mwaka huo shirika la kutetea walaji la Marekani lilipima bidhaa 10 za nywele za plastiki za kusukia zilizokuwa zikiuzwa huko. Lilikuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika zote, na madini ya risasi katika tisa. Vipimo hivyo ni vya bidhaa chache na vya soko la huko, wala si kipimo cha pakiti iliyo mkononi mwako. Lakini vinatupa sababu ya kuepuka mambo mawili yanayoepukika kirahisi: kuvuta mvuke au moshi wa rasta zinazopashwa moto, na kumwacha mtoto azitafune ncha za misuko yake. Saluni inayochovya au kuchoma ncha ifungue mlango na madirisha.

MAJARIBIO MANNE YA NYUMBANI

Majaribio haya hayahitaji maabara. Nunua pakiti moja tu kwanza, walau siku tano kabla ya kusukwa, na uitunze lebo yake.

Jaribio la kwanza ni la maji baridi. Weka tone la sabuni katika glasi ya maji, chukua nyuzi chache fupi, zisugue kwa vidole ndani ya maji hadi mapovu ya hewa yatoke, kisha ziachie. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, nayo hupanda juu. Modakriliki, PVC, poliesta na nywele halisi huzama. Bila sabuni na bila kusugua, hata nyuzi nzito zaweza kuelea kwa hewa iliyonaswa, na jibu likawa la uongo.

Jaribio la pili ni la maji ya moto. Funga kishungi chenye urefu wa sentimita 20, kipime kwa rula, kizungushe kwenye kijiti, kisha ukichovye kwa kijiko kirefu ndani ya sufuria iliyotoka jikoni kwa sekunde kumi. Kikishapoa, kifungue na ukipime tena. Kilichopungua urefu kwa wazi au kugandamana hakifai kuchovywa kichwani. Kilichobaki na urefu wake na kushika mawimbi kinafaa. Kisichoshika mawimbi yoyote kitakuwa taabu kwa msusi, ingawa hakina madhara.

Jaribio la tatu ni la mwali, nalo lifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba, juu ya beseni la maji, kwa nyuzi tano au sita zilizoshikwa kwa kibanio cha chuma. Usivute moshi. Zikiwaka na kunuka unyoya uliochomwa, zikaacha majivu yanayopukutika, ni nywele halisi. Zikinuka mshumaa na kuendelea kuwaka, ni polipropilini. Zikizimika zenyewe na kuacha mkaa mgumu mweusi, huku zikitoa harufu kali, ni modakriliki au PVC. Poliesta huyeyuka ikatoa tone gumu la mviringo. Ile iliyotiwa dawa ya moto nayo huzimika, kwa hiyo jibu la jaribio hili lisomwe pamoja na la maji ya moto.

Jaribio la nne ni la ngozi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Osha nusu ya kishungi kwa siki, kwa namna tutakayoeleza, na nusu iache kama ilivyotoka dukani. Kwenye upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, bandika kwa plasta nyuzi zisizooshwa. Mkono wa kulia, mahali palepale, bandika zilizooshwa na kukaushwa. Kando yake bandika plasta tupu, ili ngozi ikidhurika na gundi ya plasta usiilaumu rasta. Acha kwa saa 48 bila kulowesha. Bandua, subiri nusu saa, kisha angalia. Angalia tena baada ya saa nyingine 24. Palipowaka moto au kuuma kabla ya muda, bandua mara moja na uoshe.

Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa sababu ya rasta, rangi ya nywele au gundi asifanye jaribio hili nyumbani. Amwone daktari wa ngozi kwanza. Na mlaji afahamu mpaka wa jaribio: ngozi ya mkono si ya kichwa, na saa 48 si wiki sita. Mkono uliobaki safi hupunguza hatari, wala hauiondoi yote.

KUOSHA KWA SIKI

Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe ya jikoni na vikombe vinne vya maji ya vuguvugu, yaani maji ambayo mkono unayavumilia bila shida. Fungua kichwa cha pakiti bila kuzivuruga nyuzi, zitumbukize zote, na uache kwa nusu saa. Mara nyingi utaona utando mweupe ukielea juu. Hayo ni mabaki yaliyotoka kwenye nyuzi. Suuza kwa maji safi mara mbili au zaidi hadi harufu ya siki iishe, kisha anika kivulini hadi zikauke kabisa. Usiongeze siki kwa kudhani kwamba kali zaidi ni bora zaidi, kwani siki iliyobaki nayo hukereketa.

Uoshaji huu huondoa yaliyopakwa juu ya nyuzi. Hauondoi yaliyochanganywa ndani ya plastiki yenyewe, wala haumponyi mwenye mzio wa rangi. Rasta inayochuja rangi katika maji ya tatu irudishwe dukani.

MFANO WA MLAJI MMOJA

Tuchukue mfano wa mama wa Tunduma anayejiandaa kwa harusi itakayofanyika Vwawa siku ya Jumamosi. Anahitaji pakiti tano, na atasukwa Ijumaa. Jumapili iliyotangulia ananunua pakiti mbili tofauti: ya kwanza ni ya bei nafuu, haina lebo, ya pili ina jina la kiwanda, namba ya toleo na aina ya nyuzi, modakriliki.

Jumapili jioni anaanza na maji. Nyuzi za pakiti ya kwanza zinaelea baada ya kusuguliwa. Za pili zinazama. Katika maji ya moto, za kwanza zinatoka zimenyooka kama zilivyoingia. Za pili zinashika mawimbi, na urefu unabaki sentimita 20. Nje ya nyumba, za kwanza zinaendelea kuwaka na kunuka mshumaa. Za pili zinazimika. Mama huyu hupika kwa kuni na huinama juu ya mafiga kila siku. Kwake pakiti ya kwanza imekwisha kukataliwa, hata kabla ya kuuliza kama inawasha.

Usiku huo anaosha nusu ya kishungi cha pakiti ya pili. Jumatatu jioni, baada ya kukauka, anabandika mikono yote miwili. Jumatano jioni anabandua. Mkono wa kushoto, wenye nyuzi zisizooshwa, una wekundu na unawasha kidogo. Wa kulia uko safi, na plasta tupu haikuacha alama. Alhamisi jioni wekundu wa kushoto umefifia, na wa kulia bado uko safi. Maana yake inasomeka. Wekundu uliopungua siku moja baada ya kubanduliwa, na ambao haukutokea kwa nyuzi zilizooshwa, unaelekea zaidi kuwa ukereketo wa mabaki ya kiwandani. Ijumaa asubuhi asingekuwa na muda wa kuosha na kukausha pakiti tano. Kwa hiyo Alhamisi hiyohiyo, baada ya kuuona mkono wa kulia ukiwa safi, anafuata pakiti nne nyingine za toleo lilelile, anaziosha zote pamoja na iliyobaki na kuzianika ndani usiku kucha, na Ijumaa anapanga kuanza kusukwa mchana zikiwa zimekauka.

Lau mkono wa kulia nao ungekuwa mwekundu, au lau wekundu wa kushoto ungekuwa umezidi na kupata malengelenge kufikia Alhamisi, hesabu ingebadilika. Hiyo ingekuwa dalili ya mzio, na siki isingesaidia. Angepaswa kuacha rasta hiyo kabisa, kusuka kwa uzi au kwa nywele zake mwenyewe, na kuitunza lebo ili amwoneshe daktari.

UKISHASUKWA NA MADHARA YAKATOKEA

Kama ni maumivu ya kubana, rudi kwa msusi siku hiyohiyo, alegeze au afumue mistari ya mbele. Dawa ya maumivu huficha mvuto, lakini haiuondoi. Kama ni ukereketo mwepesi, osha kichwa kwa maji ya vuguvugu na shampuu iliyopunguzwa makali kwa maji, suuza sana, na ukaushe. Usipopata nafuu ndani ya siku mbili, fumua.

Kope zikivimba, malengelenge yakitokea, majimaji au usaha ukitoka, au homa ikipanda, fumua bila kusubiri na uende kituo cha afya ukiwa na pakiti yako. Kubanwa pumzi au kuvimba midomo na ulimi ni dharura, na kunahitaji hospitali saa hiyohiyo. Tunawaonya walaji wasijipake krimu kali za madukani zenye mchanganyiko wa dawa nyingi. Zaweza kutuliza muwasho kwa siku chache huku zikikuza mapunye chini yake.

LEBO, RISITI NA MALALAMIKO

Tunduma ni mlango wa bidhaa zinazokwenda Zambia na Kongo, na si kila pakiti iliyoko sokoni imepita njia ya halali. Tangu bajeti ya mwaka 2019/20, nywele bandia zilianza kutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Pakiti ya kutoka nje inayouzwa kwa bei ndogo mno, bila lebo na bila risiti, ina sababu ya unafuu wake. Na ikikudhuru, huna pa kuanzia.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye pakiti aina ya nyuzi, jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, na kiwango cha juu cha joto. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Tunza lebo, risiti na kishungi cha nyuzi ambazo hazijatumika katika bahasha moja hadi utakapofumua misuko. Ukidhurika, piga picha ya ngozi siku ya kwanza na ya tatu.

Malalamiko kuhusu ubora na usalama wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lina wakaguzi mpakani Tunduma. Lebo ya udanganyifu, kwa mfano polipropilini iliyouzwa kwa jina la modakriliki, ni jambo la Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mueleze kwanza muuzaji kwa utulivu na umpe nafasi ya kurekebisha. Akikataa, bahasha yako ndiyo itakayosema. Kishungi kilichotunzwa chaweza kupimwa; kilichokwisha kutupwa hakiwezi.